UZI: Maelezo ya hereni za pembe na brasi: mteja kanirudishia, anasema "hazifanani na picha"

Nyamvula_Sanaa (Mombasa)

Habarini wadau. Nauza hereni za pembe ya ng'ombe zilizoungwa na brasi. Vipande nachukua kwa mafundi wa Kibera, kisha naunga na kumalizia mwenyewe hapa Likoni. Nauza kwa Instagram na WhatsApp, na sasa nina kijiduka changu mtandaoni.

Kuna mteja kanirudishia jozi. Kwenye picha pembe ilikuwa na mistari ya rangi ya maziwa, yeye kapata karibu nyeusi yote, tena moja pana kidogo kuliko mwenzake. Hakunitukana, ila aliandika "nimetumiwa kitu kingine". Mwingine yuko Ujerumani, hajanunua bado, ameuliza maswali matatu: ni pembe ya mnyama gani, brasi ina nini ndani yake, na atazisafisha vipi. Nikaangalia maelezo yangu, hakuna hata moja lililojibiwa. Haya hapa kama yalivyo dukani:

> Hereni maridadi za asili, zimetengenezwa kwa mikono na mafundi wa Kiafrika. Kila kipande ni cha kipekee kama wewe! Pembe halisi. Brasi safi iliyorejelezwa kutoka kufuli na mifereji ya zamani, haina risasi wala nikeli, haibadiliki rangi. Epuka maji.

Nataka kuyaandika upya. Sio insha, mteja anasoma kwa simu akiwa ndani ya matatu.

---

KijanaWaKariakoo

Dada picha ndiyo kila kitu. Maelezo hakuna anayesoma. Andika tu "rangi inaweza kutofautiana kidogo" umemaliza, hakuna wa kukurudishia.

---

Nyamvula_Sanaa

@KijanaWaKariakoo hiyo "kidogo" ndiyo ugomvi wenyewe kaka. Kwangu mimi kidogo ni mistari miwili badala ya minne. Kwake yeye kidogo sio maziwa kugeuka makaa.

---

FundiPembe (Kibera)

Mama, mimi nakata pembe tangu kijana, wacha nikueleze kwa nini hazifanani, halafu wewe utajua cha kuandika.

Pembe ya ng'ombe upande wa kichwani ni bomba. Ndani yake kuna mfupa, tunachemsha ndipo unachomoka. Ukienda kwenye ncha bomba linazidi kuwa nene, mwisho kabisa ni gogo lisilo na tundu. Ile ncha mara nyingi ni nyeusi. Mistari ya maziwa na kahawia iko zaidi katikati na kwenye shina, na kuna pembe nyingine haina mstari hata mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Siwezi kujua kabla ya kupiga msasa, kwa sababu nje zote zina gamba la kijivu.

Kwa hiyo unapata vipande vya aina mbili. Kuna vya nchani, ambavyo tunakata kama unavyokata muhogo: ni vizito, vyeusi, havipindi. Na kuna vya bomba, ambavyo tunapasua, tunapasha moto hadi vilegee, kisha tunabana katikati ya vyuma viwili mpaka vipoe vikiwa bapa. Hivi ni vyepesi, ndivyo vyenye michoro, na ndivyo vinavyokumbuka. Ukivipasha tena vinataka kurudi kuwa bomba.

Wewe unachukua vyote kwangu unaviweka chini ya picha moja. Mteja wako alipata ya ncha, picha ilikuwa ya bomba. Hizo ni bidhaa mbili.

---

Nyamvula_Sanaa

@FundiPembe asante sana fundi. Hii ya bidhaa mbili hakuna aliyewahi kuniambia. Na kuhusu moja kuwa pana kuliko nyingine?

---

FundiPembe

Pea nzuri hutoka pembe moja, vipande vilivyofuatana. Hata hivyo pembe inapungua upana kila unaposogea kwenda nchani, kwa hiyo cha pili lazima kiwe kidogo kuliko cha kwanza. Nasawazisha kwa tupa, lakini nikisawazisha sana nakula mchoro. Milimita mbili hivi huwa naziacha. Ukipima pea ukaona tofauti kubwa kuliko hapo, basi kijana wangu amechanganya pembe mbili, nirudishie mimi.

---

ShangaZaNamanga

Samahani naingilia. Nyamvula hizo shanga unazotia katikati ni za kioo za Kicheki au za plastiki? Mimi nauza shanga za Kicheki kwa jumla, rangi zote zipo, naweza kukutumia Mombasa.

---

Nyamvula_Sanaa

@ShangaZaNamanga sitii shanga dada, ni pembe na brasi tu. Ila hebu tuambie, wewe wateja wako unawaelezaje rangi zikibadilika?

---

ShangaZaNamanga

Aa, nilisoma haraka. Kwangu kila mzigo unaoingia rangi inacheza kidogo hata kama namba ni ile ile. Nyekundu ya mzigo huu si nyekundu ya ule. Kwa hiyo kwenye mikufu mikubwa naandika "shanga zote za mkufu huu zimetoka mzigo mmoja, ukitaka bangili ya kuilinganisha agiza pamoja". Watu wanaelewa, tena wananunua vyote viwili hahaha.

---

Mdau_wa_Bremen

Nipo Ujerumani, nimefanya kazi miaka kadhaa na duka linaloagiza mapambo kutoka Kenya na India. Naomba niguse sentensi moja tu kwenye maelezo yako, kwa sababu ndiyo ya hatari kuliko zote: "haina risasi wala nikeli".

Umepima?

Brasi ni shaba nyekundu na zinki. Lakini brasi ya mifereji ya maji, ya kufuli na ya funguo huongezwa risasi kwa makusudi kiwandani, kwa kawaida asilimia 2 hadi 3, ili ikatike vizuri kwenye mashine. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka risasi kwenye pambo isizidi asilimia 0.05 ya uzito wa kila sehemu ya metali. Ukiyeyusha mfereji mmoja wa zamani ukachanganya na brasi safi mara kumi ya uzito wake, bado umevuka. Maana yake sentensi yako yenyewe inajipinga: upande mmoja unasema kufuli na mifereji, upande wa pili unasema haina risasi. Mjerumani aliyekuuliza "brasi ina nini" huenda ameshaona hilo.

Nikeli ni hesabu nyingine. Huko hawaangalii kiasi kilichomo, wanaangalia kiasi kinachotoka kugusa ngozi kwa wiki, na sehemu inayopita ndani ya tundu la sikio ina kipimo kikali kuliko ile inayoning'inia nje. Kulabu zako ni za nini?

---

Nyamvula_Sanaa

@Mdau_wa_Bremen kulabu ni stenlesi, nanunua pakiti. Sijapima chochote. Ile sentensi nilikopi kwa muuzaji mwingine, kila mtu anaiandika.

---

Mdau_wa_Bremen

Stenlesi za kawaida za mapambo zina nikeli ndani, nyingine zaidi ya asilimia 10, ila imeshikwa humo na hutoka kidogo sana, ndiyo maana watu wengi wanazivaa bila shida. Kwa hiyo ukiandika "haina nikeli" umesema uongo hata kama hakuna atakayewashwa. Andika "kulabu za stenlesi" uishie hapo. Mwenye mzio mkali akikuuliza, mwambie ukweli, au mwekee kulabu za titani.

Kuhusu brasi una njia mbili. Ya kwanza, nunua bamba la brasi kwa muuzaji anayekupa cheti cha mchanganyiko, uache kufuli. Ya pili, peleka kipande kikapimwe. Wanunuzi wakubwa wa dhahabu na wa vyuma chakavu huwa na ile mashine ya mkononi ya eksirei inayosoma metali kwa sekunde chache.

---

FundiPembe

Ndugu wa Bremen, na mimi nikikalibu leo nayeyusha mifereji, kesho vipini vya milango, keshokutwa maganda ya saa. Kila chungu na mchanganyiko wake. Atapima kipi?

---

Mdau_wa_Bremen

@FundiPembe hapo umenipata. Kipimo cha chungu cha leo hakisemi lolote kuhusu cha kesho. Duka letu lilishindwa hapo hapo na kikundi kimoja: kipande cha kwanza kilipita, mzigo uliofuata ukakataliwa. Kwa Ulaya mimi ningesema bamba lenye cheti. Kwa wateja wa hapo nyumbani, amueni wenyewe, lakini msiandike "haina". Na za watoto msiziuze kabisa kwa brasi ya kufuli, mtoto anatia kila kitu mdomoni.

---

KijanaWaKariakoo

Mnamtisha bure dada wa watu. Bibi zetu wamevaa bangili za shaba maisha yao yote hakuna aliyekufa. Na hiyo ya kubadilika rangi dawa yake rahisi: paka rangi ya kucha ile isiyo na rangi, brasi inabaki kama dhahabu.

---

FundiPembe

Rangi ya kucha inazuia kweli, kwa muda. Kwenye pete, upande wa ndani, itakupa wiki kadhaa. Halafu inabanduka ukingoni, hewa na jasho vinapenya hapo tu, unapata brasi yenye mabaka kama mbuzi. Ukitaka kuitoa lazima asetoni, na asetoni hiyo hiyo inalegeza gundi ninayoshikia pembe. Nimeletewa hereni za namna hiyo, pembe mkononi, brasi mezani.

---

Bi_Mwanakombo (Unguja)

Assalaam aleikum. Wanangu, brasi haina haja ya rangi ya kucha. Sisi masinia na vijungu vyetu tunasugua kwa ukwaju au ndimu na chumvi, unasuuza, unafuta, inawaka kama imetoka dukani leo. Mwandikieni mteja hivyo, ndimu kila mtu anayo.

---

FundiPembe

Shikamoo Bi. Kwenye sinia nakubali kabisa. Kwenye hizi hereni hapana, na hapa ndipo kazi ya Nyamvula ilipo ngumu. Ndimu ni dawa ya brasi na ni sumu ya pembe. Pembe ni kitu kimoja na kucha na nywele. Ukiiloweka kwenye maji na asidi inavimba, ikikauka tabaka zinaanza kuachana, hasa pale nilipotoboa tundu. Ile iliyobanwa bapa inaanza kukunja. Mng'ao unakufa, inakuwa kama kucha ya mfua nguo.

Hata brasi yenyewe ukiiacha kwenye ndimu muda mrefu inatoka na wekundu wekundu, kwa sababu asidi inakula zinki ya juu inaacha shaba.

---

Bi_Mwanakombo

Marahaba mwanangu. Huo wekundu naujua, ni wa mtu anayeacha ndimu akaenda kupiga soga. Haya, basi mteja afanye nini? Usimkataze kila kitu, atanunua plastiki.

---

FundiPembe

Brasi: kitambaa kikavu cha pamba, asugue chuma tu bila kugusa pembe. Weusi ukizidi, dawa ya meno nyeupe kidogo sana kwenye pamba ya masikio, asugue brasi, afute kwa kitambaa chenye unyevu, akaushe hapo hapo. Pembe: tone moja la mafuta ya mtoto kwenye kidole, apake, angoje kidogo, afute. Mara chache kwa mwaka inatosha, mahali pakavu zaidi, penye kiyoyozi au hita, aongeze. Asioge nazo, asilale nazo, asiziache ndani ya gari juani. Hiyo ya gari iandike kwa herufi kubwa mama. Dashibodi ya Mombasa ni moto kama jiko langu la kunyooshea pembe.

---

Bi_Mwanakombo

Mafuta ya nazi je?

---

FundiPembe

Yanafaa Bi, ila yakikaa yananata na kuvuta vumbi, na wadudu wa kabatini wanayapenda. Kuna wadudu wanaokula sufu na ngozi, na pembe pia wanaitoboa vitundu. Mimi nashikilia mafuta ya mtoto.

---

Bi_Mwanakombo

Mimi vitana vyangu vya pembe ni vya mama yangu, havijaona mafuta mengine ila nazi, na vitundu havina. Tukubaliane kutokubaliana.

---

Nyamvula_Sanaa

Mmenifungua macho. Mwingine huwa ananilalamikia shingo kuwa kijani. Hiyo niiandike au nitafukuza wateja?

---

KijanaWaKariakoo

Kijani ni dalili ya brasi feki. Brasi orijino haitoi kijani.

---

Mdau_wa_Bremen

@KijanaWaKariakoo hapana mkuu, ni kinyume chake. Kijani kinatoka kwenye shaba ikikutana na jasho, kwa hiyo brasi halisi isiyopakwa kitu ndiyo inayotoa. Isiyotoa huenda imepakwa lakeri au imechovywa. Kinatoka kwa sabuni na maji na si mzio. Mzio unawasha na kutoa vipele. @Nyamvula_Sanaa iandike kwa sentensi moja, bila kuomba radhi. Aliyesoma kabla ya kulipa haleti malalamiko. Aliyeshtukizwa ndiye anayeleta.

---

Nyamvula_Sanaa

Sawa. Nimeketi jana usiku nikagawa duka mara mbili kama fundi alivyosema: "za ncha" na "za bomba". Za ncha ni nyeusi, picha moja inatosha maana zinafanana sana. Za bomba nimepiga pea sita pamoja juu ya karatasi nyeupe, mchana, karibu na dirisha, bila flashi, rula ikiwa pembeni. Kutoka iliyo na maziwa mengi hadi iliyo na kahawia tupu. Mteja anachagua kati ya "yenye maziwa zaidi", "mchanganyiko" na "ya kahawia". Haya maelezo ya za bomba, yachaneni:

> Hereni za pembe ya ng'ombe na brasi (pembe bapa)
>
> Urefu sm 6 kutoka juu ya kulabu, huzidi au hupungua kwa mm 3. Uzito gramu 6 hadi 8 kila moja.
>
> Zimetengenezwa na nini. Pembe ya ng'ombe wa kufugwa, kutoka machinjioni. Imepashwa moto, ikabanwa bapa, ikapigwa msasa. Rangi ni ya pembe yenyewe, haikupakwa. Brasi isiyopakwa wala kuchovywa, imekatwa kutoka kwenye bamba. Kulabu za stenlesi, hizi tumenunua tayari.
>
> Kwa nini zako hazitafanana kabisa na za picha. Kila pembe ina mistari yake, na hatuioni mpaka tuipige msasa. Hereni zako mbili zimekatwa kutoka pembe moja, zikifuatana, hivyo rangi zake ni ndugu. Moja inaweza kuwa pana kuliko mwenzake kwa hadi mm 2, kwa kuwa pembe hupungua kuelekea nchani. Alama ndogo za nyundo kwenye brasi ni za kazi ya mkono.
>
> Tutabadilisha bila swali ukiona ufa, tabaka la pembe linaloinuka, kulabu iliyolegea, au rangi isiyo ya kundi ulilochagua.
>
> Utunzaji. Vua kabla ya kuoga, kuogelea na kulala. USIZIACHE NDANI YA GARI JUANI, pembe itajikunja. Brasi itafifia, na huweza kuacha kijani kwenye ngozi ya jasho. Kinatoka kwa sabuni. Isugue kwa kitambaa kikavu. Usitumie ndimu, ukwaju wala dawa ya kung'arishia vyombo, zinaharibu pembe. Pembe ikififia, paka tone la mafuta ya mtoto, ufute.

---

Mdau_wa_Bremen

Hii sasa naweza kuiuza. Kile kipande cha "tutabadilisha" ndicho nilichokipenda zaidi, maana umemchorea mteja mpaka: huku ni asili ya kitu, huku ni kasoro yetu. Wauzaji wengi wanatumia "kila kipande ni cha kipekee" kama blanketi la kufunikia kazi mbovu, na wateja wa huku wameshaligundua.

Mambo mawili. Umeandika "kutoka kwenye bamba". Umeacha kufuli kweli, au umeacha kuandika tu?

La pili, umefanya vizuri kuandika "ya ng'ombe". Kwenye fomu ya forodha pia jaza hivyo hivyo, mnyama na nyenzo, usiandike "pembe" peke yake. Afisa akisoma hivyo anaanza kuwaza ndovu na faru, na kifurushi kinalala.

---

Nyamvula_Sanaa

Za dukani mtandaoni nimehamia bamba, namngoja muuzaji anipe cheti. Akikosa cheti sijui nitafanyaje, bei yake tayari iko juu kuliko ya kukalibu. Zile za kukalibu ninazo kama pea thelathini, ni nzuri mno, na sijui niziuze na maneno gani.

---

KijanaWaKariakoo

Ziuze hapa hapa, andika "brasi iliyorejelezwa, haijapimwa". Nikiwa mteja nitakuheshimu.

---

Mdau_wa_Bremen

Kwa hilo nakuunga mkono mkuu, nusu. Ni ukweli, na mtu mzima anaweza kuamua. Lakini mteja hajui "haijapimwa" inamaanisha haijapimwa nini. Ukiongeza "risasi" atakimbia, usipoiongeza hujamwambia kitu. Mimi ningezipima kwanza kabla ya kuhangaika na maneno. Ikisoma chini ya 0.05, umepona. Ikisoma asilimia 2, ziyeyushe ufanye vishikio vya droo.

---

ShangaZaNamanga

Vishikio vya droo vya brasi na pembe nitanunua mimi wallahi.

---

Otieno_Picha

Swali la pembeni. Umesema picha bila flashi, sawa, lakini nyeupe ya karatasi kwenye simu inafanya pembe ionekane nyeusi kuliko ilivyo. Gusa skrini juu ya pembe kabla ya kupiga ili simu ipime mwanga hapo, sio kwenye karatasi. Au tumia kitambaa cha kijivu. Huenda yule wa kwanza asingerudisha.

---

Nyamvula_Sanaa

@Otieno_Picha nimejaribu sasa hivi. Mistari imetokea ambayo hata mimi nilikuwa sijaiona. Napiga zote upya kesho.

---

FundiPembe

Mama nimeyasoma maelezo yako kwa vijana wote hapa karakana. Wamependa, ila wanasema mm 3 za urefu umewabana, msumeno wetu ni wa mkono. Weka mm 5. Na gramu 6 hadi 8 ni za bapa tu, usije ukakopi kwenye za ncha, zile nimepima nyingine zimefika 11. Andika uzito wake mbele kabisa, kuna watu matundu ya masikio yao yameshachoka.